KUKISIA MUDA NA GHARAMA ZA KUNUKUU KITABU KIKUBWA: MFANO WA VITABU VYA WILAYA ZA KASULU NA KIBONDO

Katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam zimehifadhiwa picha ndogo za filamu za Vitabu vya Wilaya, ambavyo maofisa wa serikali ya Mwingereza waliviandika katika kila wilaya ya Tanganyika. Miongoni mwake kimo cha Kasulu na kimo cha Kibondo, wilaya mbili za nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza, na kazi hiyo ilishika kasi katika miaka ya 1920, wakati Gavana Donald Cameron alipokuwa akiweka utawala wa kupitia kwa machifu. Maofisa walitakiwa kujua ni nani aliyetawala wapi, kwa haki gani, na juu ya watu wangapi.

Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujifunza habari za utawala wa Heru, wa Muhambwe au wa Buyungu, au jinsi watu wa Buha walivyohamishwa na kukusanywa katika makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa wa malale katika miaka ya 1930, hana budi kuvipitia vitabu hivyo. Lakini picha ya filamu haitafutiki kwa neno, na maandishi yaliyofifia hayasomeki na kila mtu. Dawa yake ni kuvinukuu, yaani kuandika upya kila neno kwa kompyuta kama lilivyo katika asili.

Swali la kwanza ni hili: kazi hiyo itachukua saa ngapi, na itagharimu fedha kiasi gani? Anayekisia kidogo mno huishiwa fedha katikati, na kwa kawaida kinachobaki bila kufanywa ni zile kurasa ngumu ambazo ndizo zenye thamani kubwa. Anayekisia kupita kiasi huenda asipewe fedha kabisa. Makala haya yanaeleza njia ya kupata kisio la haki kwa kupima kurasa chache tu. Hesabu zake haziwazidi wanafunzi wa sekondari.

Katika mfano unaofuata, idadi ya kurasa, dakika na malipo ni vya kudhaniwa kwa ajili ya somo. Tuchukulie kwamba vitabu viwili kwa pamoja vina kurasa 600.

KURASA HAZILINGANI

Kosa la kwanza hufanywa kabla ya hesabu kuanza. Mtu hufungua kitabu, hunukuu kurasa kumi za mwanzo, hutazama saa, kisha huzidisha. Kurasa za mwanzo wa Kitabu cha Wilaya hazifanani na nyingine. Kitabu cha namna hii kilijazwa na maofisa mbalimbali kwa miaka mingi. Mmoja alipiga taipu safi, mwingine aliandika kwa mkono wa haraka, na wa tatu alibandika orodha ya watawala au jedwali la hesabu za watu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupitia kurasa zote 600 bila kunukuu hata moja, na kuziweka katika matabaka. Kazi hii huchukua saa chache tu, kwa maana kila ukurasa hutazamwa kwa sekunde chache. Katika mfano wetu yamepatikana matabaka matatu:

Tabaka la kwanza: kurasa zilizopigwa taipu, maelezo ya mfululizo. Kurasa 360.
Tabaka la pili: kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Kurasa 180.
Tabaka la tatu: orodha za majina, nasaba za watawala, na majedwali ya tarakimu. Kurasa 60.

KUCHAGUA NA KUPIMA SAMPULI

Katika kila tabaka zitachaguliwa kurasa 8. Uchaguzi uwe wa nasibu: nambari za kurasa za tabaka huandikwa katika vikaratasi, vikachanganywa katika kikapu, na vikatolewa vinane bila kutazama. Mtu akichagua kwa macho ataepuka kurasa zenye madoa pasipo kujua, na kisio lake litakuwa dogo kuliko haki.

Kisha saa hupima vitu viwili mbali mbali. Kwanza ni dakika za kunukuu. Pili ni dakika za uhakiki, zinazoanza mhakiki anapofungua ukurasa ulionukuliwa na kuulinganisha na asili, na kwisha pale masahihisho yote yanapokuwa yameingizwa. Muda wa kuingiza masahihisho usipohesabiwa hapa, hautahesabiwa mahali pengine popote.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Mnukuzi mgeni huwa mzito katika kurasa za mwanzo kwa sababu bado anajifunza mwandiko; apewe kurasa mbili za mazoezi katika kila tabaka, ambazo dakika zake hazihesabiwi. Aidha, kipimo kifanywe katika hali ileile ya kazi yenyewe. Ikiwa kazi itafanywa kwa kusoma picha za filamu, sampuli nayo isomwe katika picha za filamu, wala si katika karatasi safi.

KWA NINI UHAKIKI UPIMWE PEKE YAKE

Watu wengi hupima kunukuu tu, kisha huongeza sehemu fulani, mathalani robo, kwa ajili ya uhakiki. Desturi hii inapotosha kwa sababu ugumu wa kunukuu na ugumu wa kuhakiki haukui kwa kiasi kimoja.

Katika maelezo ya mfululizo, maana humsaidia mhakiki. Sentensi iliyokosa neno hujitangaza yenyewe. Katika orodha ya majina maana haisaidii. Tarakimu 1,364 ikiandikwa 1,634, hakuna kitu katika ukurasa kitakachompigia mhakiki kelele. Majina ya watawala wa Buha nayo yana mtego wake, kwa kuwa jina moja hurudi kizazi baada ya kizazi. Jina la Ntare, ambalo alilichukua pia Mwami Theresa Ntare wa Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, laweza kutokea mara kadhaa katika nasaba moja. Jicho la mnukuzi huliona jina katika mstari wa juu, likarudi katika mstari wa chini wenye jina lilelile, na watu waliokuwa katikati wakapotea. Orodha iliyobaki husomeka vizuri kabisa, na ndiyo maana kosa hilo ni la hatari.

Upo pia mtego kwa mnukuzi anayeijua nchi. Afisa aliyezoea matamshi ya Kiingereza huenda aliandika l pahali pa r. Mnukuzi Mha akiona “Helu” atasahihisha bila kufikiri na kuandika “Heru”, naye hudhani ametenda vema. Kanuni ya unukuzi ni kuandika kilichoandikwa. Usahihi wa jina huwekwa katika tanbihi. Mhakiki hana budi kulinganisha herufi kwa herufi, kwa kidole au kwa rula juu ya mstari.

MATOKEO YA SAMPULI

Tuseme kurasa 24 zimepimwa, na wastani kwa ukurasa umekuwa hivi:

Tabaka la kwanza: kunukuu dakika 14, uhakiki dakika 6, jumla dakika 20.
Tabaka la pili: kunukuu dakika 27, uhakiki dakika 15, jumla dakika 42.
Tabaka la tatu: kunukuu dakika 38, uhakiki dakika 37, jumla dakika 75.

Msomaji ataona kwamba katika tabaka la kwanza uhakiki haufiki nusu ya muda wa kunukuu, bali katika tabaka la tatu unakaribia kuwa sawa nao. Hakuna sehemu moja ambayo ingeweza kuongezwa kwa matabaka yote.

Wastani wa kila tabaka sasa huzidishwa kwa idadi ya kurasa zake:

360 × 20 = dakika 7,200, yaani saa 120.
180 × 42 = dakika 7,560, yaani saa 126.
60 × 75 = dakika 4,500, yaani saa 75.

Jumla ni saa 321. Katika hizo, kunukuu ni saa 203 na uhakiki ni saa 118. Mtu aliyepima kurasa za taipu peke yake, akasahau uhakiki, angezidisha 600 kwa dakika 14 na kupata saa 140. Hiyo haifiki nusu ya kazi. Kurasa 60 za tabaka la tatu ni sehemu moja tu katika kumi ya vitabu, lakini zinakula karibu robo ya muda wote.

UKURASA MMOJA MGUMU

Hebu tuziangalie kwa karibu kurasa nane za tabaka la tatu. Dakika zake za uhakiki, kwa kupangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ni hizi:

18, 22, 25, 28, 30, 34, 46, 93.

Mwanafunzi atashawishika kuiondoa 93 kwa kusema kwamba ukurasa ule haukuwa wa kawaida. Mwingine atapendekeza kutumia thamani ya katikati, yaani 29. Njia zote mbili ni za makosa kwa kazi hii. Swali letu si “ukurasa wa kawaida huchukua muda gani?” bali ni “kurasa zote kwa pamoja zitachukua muda gani?” Jumla hupatikana kwa kuzidisha wastani, na si kwa kuzidisha thamani ya katikati. Kwa thamani ya katikati uhakiki wa kurasa 60 ungekisiwa saa 29. Kwa wastani ni saa 37. Saa 8 za tofauti si za kubuni, kwa kuwa kurasa kama ule wa dakika 93 zimo pia kati ya zile 52 ambazo hazikupimwa.

Ukurasa wa namna hiyo huondolewa kwa sababu moja tu: ikiwa kipimo chenyewe kiliharibika, kwa mfano umeme ulikatika na saa ikaachwa ikienda.

SHAKA YA KISIO

Kisio la saa 321 limetokana na kurasa 24. Kama vikaratasi vingine vingetoka kikapuni, kisio lingekuwa tofauti. Yafaa kujua lingetofautiana kwa kiasi gani.

Jumla za dakika, yaani kunukuu pamoja na uhakiki, za kurasa nane za tabaka la tatu ni 45, 52, 57, 62, 66, 72, 91 na 155. Wastani ni 75. Toa 75 katika kila nambari, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha: utapata 8,668. Gawanya kwa 7, yaani idadi ya kurasa pungufu moja, upate 1,238. Kipeuo chake cha pili ni kama 35. Hiki ndicho kipimo cha mtawanyiko wa dakika katika tabaka hilo. Tuseme hesabu kama hiyo imetoa 4 katika tabaka la kwanza na 9 katika la pili.

Shaka ya jumla ya kila tabaka hupatikana kwa kuzidisha idadi ya kurasa kwa mtawanyiko, na kugawanya kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli. Kipeuo cha 8 ni kama 2.83. Hivyo:

Tabaka la kwanza: 360 × 4 ÷ 2.83 = dakika 509.
Tabaka la pili: 180 × 9 ÷ 2.83 = dakika 573.
Tabaka la tatu: 60 × 35 ÷ 2.83 = dakika 742.

Shaka hizi hazijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu bahati mbaya ya tabaka moja haiambatani na ya jingine. Kila moja huzidishwa kwa yenyewe, zikajumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Jibu ni kama dakika 1,067, ambazo ni karibu saa 18. Kwa desturi huchukuliwa mara mbili ya kiasi hicho kila upande, yaani saa 36. Kwa hiyo kazi itachukua saa kati ya 285 na 357. Sampuli ya kurasa nane ni ndogo, na mtawanyiko wake wenyewe haukujulikana sawasawa. Hivyo mpaka huo uchukuliwe kuwa wa makadirio.

Jambo la kuzingatia ni kwamba tabaka dogo kuliko yote ndilo lenye shaka kubwa kuliko yote. Ikiwa upo muda wa kupima kurasa nane zaidi, zichaguliwe katika tabaka la tatu. Kwa mtawanyiko uleule, shaka yote itashuka kutoka saa 18 hadi kama saa 15 na nusu. Zikichaguliwa katika tabaka la kwanza itashuka hadi karibu saa 17 tu. Jerzy Neyman alionyesha katika mwaka 1934 kwamba sampuli igawanywe kwa kufuata idadi ya vitu katika tabaka ikizidishwa kwa mtawanyiko wake. P. C. Mahalanobis alitumia uchunguzi mdogo wa awali kwa namna hiihii alipokuwa akipanga kupima mashamba ya juti huko Bengali. Katika unukuzi upo unafuu wa ziada, kwa maana kurasa zilizopimwa zimekwisha kunukuliwa na kuhakikiwa. Hakuna kilichopotea.

KUTOKA SAA HADI SHILINGI NA SIKU

Tuseme mnukuzi hulipwa shilingi 4,000 kwa saa, na mhakiki shilingi 6,000. Kunukuu ni 203 × 4,000, yaani shilingi 812,000. Uhakiki ni 118 × 6,000, yaani shilingi 708,000.

Hapa kuna jambo ambalo huharibu bajeti nyingi. Majedwali ya tarakimu huhakikiwa vema na watu wawili, mmoja akisoma asili kwa sauti na mwingine akifuata nakala. Saa ya ukutani huonyesha dakika 37, bali malipo ni ya dakika 74. Ikiwa zile saa 37 za tabaka la tatu zilipimwa kwa namna hiyo, na msomaji wa sauti hulipwa kama mnukuzi, itaongezeka 37 × 4,000, yaani shilingi 148,000. Jumla ni shilingi 1,668,000. Mpaka wa juu wa kisio, saa 357, unazidi saa 321 kwa asilimia 11. Hivyo ni busara kuomba karibu shilingi 1,850,000.

Kuhusu siku, hakuna mtu anayenukuu kwa saa nane mfululizo. Macho huchoka, umeme hukatika, na makosa huongezeka. Tukichukua saa 5 za kazi halisi kwa siku, mnukuzi mmoja atahitaji siku kama 41, na mhakiki siku kama 24. Kwa kuwa mhakiki hufuata nyuma ya mnukuzi, siku hizi hazijumlishwi; kazi itakwisha siku chache baada ya ile ya 41. Lakini msomaji wa sauti akiwa ni mnukuzi mwenyewe, saa zake 37 zitaongeza siku 7 au 8.

JE, UHAKIKI ULITOSHA?

Kisio hili lote linategemea kwamba dakika za uhakiki zilizopimwa zilikuwa za uhakiki wa kweli. Mhakiki mwenye haraka hutoa dakika chache na kisio zuri, lakini huacha makosa. Mwaka 1976 mwanahesabu George Pólya alieleza njia rahisi ya kulipima jambo hili.

Wahakiki wawili hupewa kurasa zilezile, kila mmoja peke yake. Tuseme wa kwanza ameona makosa 24, wa pili 20, na makosa 16 yameonwa na wote wawili. Wa pili ameona 16 katika yale 24 ya mwenzake, yaani theluthi mbili. Ikiwa huo ndio uwezo wa macho yake, basi zile 20 alizoona ni theluthi mbili za makosa yote, na makosa yote ni 30. Kwa kifupi:

24 × 20 ÷ 16 = 30.

Makosa tofauti yaliyoonwa ni 24 + 20 − 16, yaani 28. Yamebaki kama 2. Lakini kama ya pamoja yangekuwa 8 tu, makosa yote yangekisiwa kuwa 60, yaliyoonwa 36, na 24 yangekuwa yamejificha. Hapo dakika za uhakiki hazifai kutumiwa katika kisio. Wahakiki waambiwe wapunguze mwendo, na sampuli ipimwe upya.

Njia hii ina mpaka wake. Inachukulia kwamba makosa yote ni rahisi kuonekana kwa kiasi kimoja. Tarakimu zilizopinduliwa huwapita wote wawili, na makosa ya maneno huonwa na wote wawili. Kwa hiyo yaliyobaki huwa mengi kuliko hesabu inavyosema. Ni afadhali tarakimu na majina yahesabiwe peke yake.

MASWALI

1. Wahakiki wawili wameona makosa 18 na 15, na 10 kati yake ni ya pamoja. Kisia idadi ya makosa yote na yaliyobaki.

2. Baada ya kazi kuanza imegunduliwa kwamba kurasa 60 zilizowekwa katika tabaka la kwanza ni za tabaka la tatu. Kisio jipya ni saa ngapi? Je, shaka ya saa 36 ilikuwa imelihesabu kosa la namna hii?

Majibu: (1) Makosa yote 27, yaliyoonwa 23, yaliyobaki 4. (2) Dakika 22,560, yaani saa 376. Shaka ile haikulihesabu, kwa sababu hupima bahati ya vikaratasi peke yake, wala haipimi makosa ya kupanga matabaka. Ndiyo maana zile saa chache za kupitia kurasa zote mwanzoni zisifanywe kwa haraka.